Simu Kimya Mchana: Kupanga Usinisumbue kwa Mfanyakazi wa Zamu ya Usiku

Anayelala usiku hana kazi kubwa ya kupanga. Watu wote hunyamaza pamoja naye, na simu ikilia saa 9 usiku kila mtu nyumbani anajua kuna jambo. Anayelala saa 3 asubuhi yuko kwenye hali nyingine kabisa. Huo ndio wakati ambao watu wenye nia njema wanapiga simu: fundi anauliza kama aje leo, shemeji anasalimia, kundi la ukoo linajadili michango, namba usiyoijua inataka kukuuzia bima. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Wewe ndiye umelala saa za watu kuamka.

Wengi wetu huanza kwa kuzima simu. Dawa hiyo inafanya kazi mpaka siku mtoto anapopata homa shuleni. Kinachotakiwa ni simu iliyofungwa kwa kila mtu, ikabaki na kijidirisha kimoja kwa watu wachache. Kazi hiyo inafanywa na Do Not Disturb, ambayo kwenye simu za Android zilizowekwa Kiswahili inaitwa Usinisumbue. Ina sehemu mbili: ratiba, yaani lini ijiwashe na kujizima yenyewe, na ruhusa, yaani nani apite ikiwa imewashwa. Nimekosea kwenye zote mbili, kwa hiyo nitakuonyesha na mahali nilipojikwaa.

Anza na karatasi, simu iache mezani

Nitatumia ratiba yangu kama mfano. Naingia kazini saa 1 usiku, natoka saa 1 asubuhi, siku nne mfululizo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nyumbani nafika saa 2 asubuhi, kichwa kinagusa mto saa 2:30, na naamka saa 9:30 alasiri.

Kosa la kwanza linatokana na lugha yetu wenyewe. Sisi tunasema saa 2:15 asubuhi, simu inaita 8:15 AM. Ukiwa umetoka zamu na macho mazito, ni rahisi sana kuandika 2:15 na 9:30 kama unavyozisema mdomoni. Mimi niliandika hivyo hivyo, kwenye simu iliyokuwa inatumia saa 24. Ikawa 02:15 hadi 09:30: simu inanyamaza nikiwa kazini nimekaa macho, halafu inafunguka saa 3:30 asubuhi, saa moja tu baada ya kulala. Kwa siku mbili nilidhani simu ni mbovu. Dalili ya kosa hili ni alama ya Usinisumbue kuonekana juu ya kioo ukiwa kazini: kwenye Android ni kiduara chenye mstari katikati, kwenye iPhone ni mwezi mchanga. Ukiiona usiku wa zamu, rudi ukasome tena saa ulizoandika.

Kosa la pili ni siku. Simu inakuuliza ratiba ifanye kazi siku gani, na mkono unaenda wenyewe kwenye siku za kazi: Jumatatu hadi Alhamisi. Lakini Jumatatu asubuhi mimi sijalala, niko macho nafua nguo, na Ijumaa asubuhi, nikitoka zamu ya mwisho nimechoka kuliko siku zote, simu iko wazi. Kiswahili kina tiba yake hapa: fikiria kwa "usiku wa kuamkia". Zamu ninayoingia Jumatatu ni usiku wa kuamkia Jumanne, basi usingizi wake ni wa Jumanne. Chagua siku unayoiamkia, achana na siku uliyoondoka nyumbani.

Kwenye karatasi yangu zikatoka ratiba tatu:

- Jumanne, Jumatano na Alhamisi: 8:15 AM hadi 3:30 PM.
- Ijumaa: 8:15 AM hadi 12:30 PM. Siku hii nalala kidogo makusudi, saa 6:30 mchana naamka, ili usiku niweze kulala na watu wengine.
- Jumatatu: 2:00 PM hadi 5:00 PM, usingizi wa akiba kabla ya zamu ya kwanza.

Utaona naanza robo saa kabla ya kulala. Ujumbe unaoingia ukiwa umeshajilaza ni mbaya kuliko unaokukuta bado unaoga, maana utausoma, utaujibu, na usingizi utaondoka. Ila sianzi saa 1 nikitoka kazini, kwa kuwa njiani ndipo mke wangu hunipata kwa mambo ya nyumba kabla sijapotea.

Kuiingiza ratiba kwenye simu

Kwenye Android nyingi njia ni Settings, kisha Sound & vibration, kisha Do Not Disturb, halafu Schedules. Kwenye Samsung huwa ndani ya Notifications, na kwenye simu mpya zaidi unaweza kuikuta chini ya Modes. Ukipotea, andika "Do Not Disturb" kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Settings. Ongeza ratiba ya muda, ipe jina utakalolielewa ("Kulala Ijumaa" inatosha), chagua siku, weka mwanzo na mwisho. Fanya hivyo kwa kila ratiba iliyo kwenye karatasi.

Ukiwa hapo hapo, angalia kama kuna ratiba iitwayo Sleeping iliyokwisha kujazwa saa za usiku. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wanaolala usiku. Hakikisha imezimwa, la sivyo itakunyamazishia simu ukiwa zamuni.

Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Focus, kisha Do Not Disturb, na kwenye Add Schedule chagua Time. Ratiba zote tatu zinakaa ndani ya Focus moja, jambo linalorahisisha kazi, kwa sababu ruhusa unaziweka mara moja tu.

Alamu usiiache ikubahatishe. Kwenye Android kuna sehemu ya Alarms ndani ya Do Not Disturb, iwe imeruhusiwa. Ukiifunga, alamu ya kukuamsha kazini nayo inanyamaza. Kwenye iPhone alamu ya programu ya Clock hulia hata Focus ikiwa imewashwa.

Nani apite

Hapa ndipo ratiba nzuri huharibikia. Mtu anaruhusu "Contacts" zote, kwa kuwa ni watu anaowajua, na baada ya wiki anasema Usinisumbue haifanyi kazi. Inafanya kazi. Ni kwamba daftari la simu lina majina mia tatu, na fundi bomba ni mmoja wao.

Kipimo changu ni hiki: je, mtu huyu anajua ratiba yangu, na anaweza kupambanua jambo la kuniamsha na la kusubiri saa 9:30? Undugu peke yake hautoshi. Nina ndugu ninayempenda sana ambaye hayumo kwenye orodha, maana kwake kila jambo ni la sasa hivi. Orodha yangu ina watu watano: mke wangu, mama, binti yangu mkubwa, jirani mwenye ufunguo wa akiba, na shule ya mdogo.

Kwenye Android, fungua kila mmoja kwenye majina ya simu na umwekee nyota. Kisha rudi Do Not Disturb, ingia People, halafu Calls, na uchague Starred contacts. Kwenye Samsung unaweza kukuta wanaitwa favourites au ukaruhusiwa kuwachagua mmoja mmoja. Kwenye iPhone, ndani ya Focus ile ile, gusa People na uwaongeze kwenye wanaoruhusiwa.

Ujumbe wa maandishi mimi siuruhusu kwa yeyote, hata mke wangu. Jambo la dharura haliandikwi, linapigwa. Ukiruhusu ujumbe, picha ya mboga sokoni nayo itakuamsha.

Sasa shule. Ofisi huwa na namba zaidi ya moja, na ruhusa inafuata namba. Mara ya kwanza nilihifadhi namba iliyoandikwa kwenye fomu, kumbe mwalimu wa zamu hutumia simu nyingine ya ofisini. Akapiga mara moja, simu ikanyamaza kama nilivyoiamuru, nikaikuta saa 9:30. Mtoto alikuwa ameumwa tumbo, jirani akamchukua. Tangu hapo nimeomba namba zote wanazotumia, nikaziweka chini ya jina moja. Nyota inawekwa kwa jina, na namba zote zilizo ndani ya jina hilo zinapita.

Kupiga mara mbili

Hata orodha iwe nzuri vipi, dharura inaweza kutoka kwa namba usiyoijua: nesi wa mapokezi, mpita njia aliyemkuta ndugu yako ameanguka. Kwa hao kuna ruhusa ya wapigaji wanaorudia. Mtu akipiga mara ya kwanza, simu inanyamaza. Akipiga tena kwa namba ile ile ndani ya muda mfupi, inalia. Kwenye Android inaitwa Allow repeat callers na muda wake ni dakika 15. Kwenye iPhone inaitwa Allow Repeated Calls na muda wake ni dakika 3 tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akikupigia kwenye iPhone, akangoja dakika tano kwa heshima, akapiga tena, kwake ni kama amepiga mara ya kwanza.

Mimi nimeiwasha, ingawa ina usumbufu wake. Muuzaji king'ang'anizi naye hupita. Rafiki asiye na salio akibipu mara mbili, bipu ya pili inalia. Kwangu hilo linatokea mara moja moja, nami naona ni bei ya haki. Kama wewe unapigiwa mfululizo na wadai au wateja, huenda ukaamua kuifunga; basi ujue umebaki na wale wenye nyota tu.

Ruhusa hii haina maana kama watu hawaijui. Kwenye Android anayekupigia husikia simu inaita kama kawaida, haambiwi kwamba umelala, kwa hiyo anadhani umemdharau. Niliwatumia ndugu na msimamizi wangu kazini ujumbe huu:

"Jumanne hadi Alhamisi saa 2 asubuhi mpaka 9:30 alasiri, na Ijumaa mpaka saa 6:30 mchana, nakuwa nimelala na simu iko kimya. Jambo la kusubiri niandikie, nikiamka nitajibu. Jambo la kuniamsha piga simu ya kawaida mara mbili mfululizo, usingoje katikati."

Mama alinijibu kwa simu. "Nikupigie mara mbili kama nakudai, mwanangu?" Nikamwambia, "Wewe una nyota, mama. Mara moja inatosha." Tangu hapo amewatangazia dada zangu wote kwamba yeye ana nyota.

Umeona nimeandika "simu ya kawaida". Simu inayopigwa kwa WhatsApp inaingia kupitia programu, na simu yako inaweza kuihukumu kwa sheria za programu badala ya sheria za wapigaji. Usibahatishe hapo. Waambie watu wako kwamba la dharura linapigwa kwa laini.

Msimamizi wangu sikumpa nyota. Anayo nafasi ya kupiga mara mbili kama kila mtu, na kitendo hicho cha kupiga tena kinamlazimu kujiuliza kama kweli ananihitaji saa 5 mchana au anatafuta wa kubadilishana zamu wiki ijayo.

Imepita, lakini haikulia

Hili limewachanganya watu wengi niliowasaidia. Usinisumbue inaamua nani apite. Sauti ya mlio inaamuliwa na mahali pengine. Kama kabla ya kulala uliiweka simu kwenye mtetemo, mke wako atapita, na simu itatetemeka tu kwenye godoro. Kama ilikuwa kimya kabisa, atapita bila hata hilo. Wanaotoka kwenye kazi za kimya wako hatarini zaidi, maana simu ilikuwa kwenye mtetemo usiku kucha na hawakumbuki kuirudisha. Kwa hiyo desturi yangu ya mwisho kabla ya kuzima taa ni kubonyeza kitufe cha sauti na kuutazama mstari wa mlio, ambao ni tofauti na ule wa muziki. Uwe juu. Usiogope, wasio na ruhusa wamekwisha kufungiwa.

Kwenye iPhone kuna njia ya kuvuka hata kimya. Fungua jina la mtu kwenye Contacts, gusa Edit, kisha Ringtone, na uwashe Emergency Bypass. Mtu huyo atalia hata simu ikiwa imenyamazishwa kwa kitufe cha pembeni. Atalia pia ukiwa msibani au mkutanoni, kwa sababu ruhusa hii haifuati ratiba. Mpe mmoja, wawili ukizidi sana.

Na hakuna mpangilio utakaosaidia simu iliyo kwenye Airplane mode, iliyoisha chaji, au iliyo mahali pasipo mtandao. Kwa ajili hiyo, kwenye fomu za shule niliandika namba ya jirani kuwa ya kwanza na yangu ya pili. Yeye yuko macho mchana na ana ufunguo. Kikimshinda ananipigia, naye ana nyota. Asiponipata, anabisha mlango.

Jaribio la dakika kumi

Usingoje dharura ikupimie. Alasiri moja ukiwa macho, washa Do Not Disturb kwa mkono na uweke simu mbele yako, kioo juu.

1. Mwenye nyota akupigie mara moja. Lazima ilie kwa sauti, siyo kutetemeka.
2. Asiye na nyota akupigie mara moja, akate. Lazima inyamaze.
3. Huyo huyo apige tena papo hapo. Lazima ilie.
4. Mwenye nyota akupigie kwa WhatsApp. Angalia kinachotokea, na umwambie.
5. Weka alamu ya dakika mbili mbele. Lazima ilie.

Namba 1 ikishindwa, angalia sauti ya mlio kwanza, kisha angalia kama mtu huyo ana namba mbili na amepiga kwa ile usiyoihifadhi. Namba 2 ikilia, umeruhusu Contacts badala ya wenye nyota. Namba 3 ikinyamaza kwenye iPhone, huenda dakika 3 zilishapita. Kama vyote vimefaulu kwa mkono lakini siku ya kwanza ya zamu simu ikaita ovyo, tatizo liko kwenye saa au siku, rudi kwenye karatasi.

Zamu zikizunguka

Yangu ni ya kudumu. Wapo ambao wiki hii wako usiku, wiki ijayo mchana, na ratiba ya simu inajua Jumanne tu, haijui ni Jumanne ya wiki gani. Njia rahisi ni kuacha ratiba zikiwa zimeandikwa na kuzizima au kuziwasha siku orodha ya zamu inapotoka. Usizifute, utachoka kuziandika upya na siku moja utakosea.

Kwenye Android nyingi kuna njia ninayoipendekeza zaidi. Tengeneza kalenda ya pekee ndani ya programu ya kalenda, uiite "Kulala", na uingize usingizi wa mwezi mzima kama matukio, kila moja na tarehe na saa zake, likiwa limewekwa Busy. Kisha kwenye Schedules ongeza ratiba ya aina ya Event na uichagulie kalenda hiyo. Simu itanyamaza kwa tarehe. Mwenzako akikuomba mbadilishane zamu, unahamisha tukio moja tu. Ila tukio likiwekwa Free badala ya Busy, simu haitanyamaza. Kalenda ya "Kulala" isichanganywe na ile ya kazi na miadi, la sivyo utanyamaza hata ukiwa kwa daktari wa meno.

Na likizo ikianza, zima zote asubuhi ya siku ya kwanza. Mimi nilisahau mwaka jana, na wageni walisimama nje ya geti Jumanne saa 5 mchana wakinipigia. Kila mmoja alipiga mara moja tu, kwa adabu.